Tumbo Linapokataa Maziwa

Mwaka 2007 jarida la kisayansi la Nature Genetics lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika Tanzania, Kenya na Sudan. Uliongozwa na Sarah Tishkoff wa Marekani, na miongoni mwa wenzake alikuwemo Thomas Nyambo wa Muhimbili, Dar es Salaam. Watu 470 kutoka makabila 43 walikubali kunywa kinywaji chenye gramu 50 za laktosi, yaani sukari ya asili iliyomo ndani ya maziwa. Hicho ni kiasi cha lita nzima ya maziwa ya ng'ombe. Kisha kila mmoja alichomwa kidoleni mara kadhaa ndani ya saa moja, kupima sukari ya damu. Kwa wale ambao matumbo yao yaliweza kuivunja laktosi, sukari ya damu ilipanda. Kwa wengine ilibaki karibu pale pale, kwa sababu laktosi ilipita utumbo mwembamba bila kuguswa na kuendelea na safari yake chini.

Waliofaulu zaidi walikuwa watu wa jamii za wafugaji, na katika vinasaba vyao lilionekana badiliko tofauti kabisa na lile linalojulikana kwa watu wa Ulaya ya kaskazini. Watafiti walikadiria kwamba badiliko hilo lilizuka miaka kati ya 3,000 na 7,000 iliyopita, wakati ufugaji wa ng'ombe ulipokuwa ukisambaa katika eneo hili. Kwa wengi wa jamii za wakulima, uwezo huo ulikuwa mdogo zaidi.

Kwa hiyo mtu mzima ambaye glasi ya maziwa inamtia tumbo la kuhara hana kasoro ya mwili. Karibu theluthi mbili ya watu wazima duniani wako hivyo. Mtoto mchanga huzaliwa na kimeng'enya kiitwacho laktasi, kilichopo juu ya vinyweleo vidogo vinavyotanda ukuta wa utumbo mwembamba. Kazi yake ni moja tu: kuikata laktosi vipande viwili vya sukari nyepesi ambavyo damu inaweza kuvichukua. Baada ya kuachishwa ziwa, kwa watu wengi kimeng'enya hicho huanza kupungua polepole, mwaka hadi mwaka. Wachache, wakiwemo wengi wa wafugaji wetu, hubaki nacho hadi uzeeni.

Laktosi isipokatwa, mambo mawili hutokea. Kwanza, huvuta maji ndani ya utumbo, na choo kinalainika. Pili, ikifika kwenye utumbo mpana, bakteria wanaoishi huko huila na kutoa gesi. Hapo ndipo tumbo hujaa, likanguruma, likasokota, na ushuzi ukazidi. Dalili huanza kati ya nusu saa na saa mbili baada ya kunywa, ingawa kwa wengine hukawia zaidi. Zinaudhi na kuaibisha, lakini haziharibu utumbo. Laktosi ikishatoka, tumbo hutulia.

Neno ambalo watu wengi hukosa kuambiwa ni kiasi. Mtu husema "maziwa yananikataa" kana kwamba mlango umefungwa moja kwa moja, akaacha chai ya maziwa, mtindi, siagi na kila kitu. Ukweli ni kwamba wengi wasioweza kumeng'enya laktosi wanahimili gramu 12 kwa mkupuo mmoja bila dalili, au wakiwa na dalili ndogo tu. Gramu 12 ni glasi moja ya mililita 250. Kikombe cha chai iliyochanganywa maji na maziwa kina nusu ya hapo au chini yake. Anayeharishwa na glasi mbili za maziwa baridi asubuhi akiwa hajala anaweza kunywa chai yake ya maziwa na chapati bila tumbo kujua lolote.

Kuna jambo la pili, nalo ni gumu zaidi kukubalika: mtu anaweza kuyasingizia maziwa. Mwaka 1995 watafiti wa Minneapolis nchini Marekani, akiwemo Michael Levitt, waliwakusanya watu 30 waliosema kwamba maziwa, hata kidogo, huwatesa vibaya. Kila siku, kwa wiki moja, waliwapa mililita 240 za maziwa pamoja na kifungua kinywa. Wiki nyingine waliwapa maziwa yaliyoondolewa laktosi, na yale ya kawaida yalitiwa utamu ili yafanane nayo. Hakuna mshiriki aliyejua anakunywa yapi. Dalili za wiki hizo mbili zilikuwa karibu sawa, na zilikuwa hafifu. Tena, walipopimwa, 9 kati ya 30 walionekana kuimeng'enya laktosi vizuri kabisa.

Matumbo yao yalikuwa yakiwasumbua kweli. Ila chanzo kilikuwa kingine, na wao walikuwa wameacha maziwa bure.

Hospitali chache zina mashine ya kupima pumzi, ambayo hunasa haidrojeni inayotolewa na bakteria baada ya mtu kunywa laktosi. Kwa wengi wetu kipimo hicho kiko mbali au ni ghali. Kilichobaki ni kujipima nyumbani kwa kuacha maziwa na kuyarudisha, na watu wengi hukifanya kipimo hiki nusu. Huacha maziwa, hupata nafuu, kisha hukata shauri papo hapo. Nafuu hiyo peke yake haithibitishi kitu, kwa sababu tumbo lina siku zake nzuri na mbaya, na anayetarajia nafuu mara nyingi huiona. Kipimo hasa ni siku ya kuyarudisha.

Mfano wa mwalimu wa shule ya msingi, mama wa miaka 34 anayeishi Morogoro, unaonyesha jinsi kazi hiyo inavyokwenda. Tuseme kila asubuhi anakunywa chai ya maziwa, saa nne anakunywa nyingine shuleni, na usiku kabla ya kulala anakunywa glasi ya maziwa baridi. Tumbo linamjaa karibu kila siku, na mara tatu kwa wiki anaharisha. Anakula maharage mara nyingi, kama sisi sote.

Hatua ya kwanza ni daftari, kabla hajaacha chochote. Kwa siku nne au tano anaandika saa, alichokula, kiasi chake, na jinsi tumbo lilivyokuwa. Bila hiyo picha ya mwanzo hatakuwa na cha kulinganisha.

Kisha anaacha vyenye laktosi kwa wiki mbili: maziwa ya aina zote, mtindi, aiskrimu, maziwa ya unga, chokoleti ya maziwa, na mkate au maandazi yaliyokandwa kwa maziwa. Mengine yote anaendelea nayo kama kawaida, hasa maharage na vitunguu. Hapa ndipo wengi huharibu. Mtu huacha maziwa, maharage na ngano kwa pamoja, akapata nafuu, na asijue amshukuru nani.

Wiki ya kwanza mwalimu anapata nafuu, lakini siku mbili tumbo linamsokota kama zamani. Anarudi kwenye daftari na kuona kwamba siku zote mbili alikunywa uji ofisini. Anamuuliza mpishi na kuambiwa kwamba uji ule huwekwa maziwa ya unga. Zaidi ya theluthi moja ya uzito wa maziwa ya unga ni laktosi, hivyo vijiko vitatu vya chakula vyaweza kuwa na gramu 9. Hayo si makombo. Vidonge vya dawa, kwa upande mwingine, mara nyingi hujazwa laktosi, lakini kiasi chake ni kidogo mno, chini ya gramu moja. Hakuna haja ya kuacha dawa kwa sababu hiyo.

Wiki ya pili hana kuhara kabisa. Gesi inamjia siku moja tu, jioni baada ya kula makande. Analiandika hilo pia.

Sasa yanarudi maziwa. Siku ya kwanza, asubuhi kabla ya kula, anakunywa nusu glasi ya maziwa yaliyochemshwa na kupoa, mililita 125, bila kitu kingine kwa saa tatu. Hakuna kinachotokea. Anapumzika siku nzima. Siku ya tatu anakunywa glasi kamili kwa namna ile ile. Baada ya saa moja na nusu tumbo linaanza kunguruma, gesi inajaa, na kabla ya saa sita mchana ameharisha mara mbili. Anapumzika siku mbili, anarudia glasi ile ile, na inakuwa vile vile. Marudio haya yana maana kubwa, kwani tukio la mara moja laweza kuwa sadfa.

Bado hajamaliza. Siku nyingine anakunywa glasi ile pamoja na chakula cha mchana, wali na mchuzi, na anapata gesi kidogo tu. Chakula hukawiza maziwa tumboni, hivyo laktosi hushuka kidogo kidogo na kimeng'enya kilichobaki hupata nafasi ya kuifanyia kazi. Siku nyingine anajaribu glasi ya mtindi, na tumbo linabaki shwari.

Jibu lake, basi, si kwamba maziwa yanamkataa. Nusu glasi inapita, glasi nzima tumbo likiwa tupu haipiti, na mtindi hauna shida. Chai zake mbili zinarudi mezani. Glasi ya usiku inaondoka, na nafasi yake inachukuliwa na mtindi. Gesi ya makande inabaki kuwa ya makande, haihusiani na maziwa.

Kama angekunywa glasi nzima mara mbili na asione kitu, angejua kwamba atafute kwingine. Anayeona hawezi kujiamini anaweza kumwomba mtu wa nyumbani amwandalie siku moja maziwa ya kawaida na siku nyingine maziwa yasiyo na laktosi, yote yakichanganywa na kakao na sukari, bila kumwambia ni yapi. Kakao inahitajika kwa sababu maziwa yaliyoondolewa laktosi yana utamu zaidi: kiwandani hutiwa laktasi, na sukari mbili zinazotokana na kukatwa kwa laktosi huonjeka tamu kuliko laktosi yenyewe. Lishe yake nyingine haipungui. Katika maduka makubwa ya mijini yanapatikana, kwa bei ya juu.

Wapo wasiopaswa kujipima hivi. Mtu ambaye maziwa humtoa vipele, humvimbisha midomo au humbana kifua huenda ana mzio wa protini ya maziwa. Huo ni ugonjwa mwingine kabisa, unaoweza kuua, na maziwa yasiyo na laktosi hayamsaidii kwa kuwa protini imo ndani yake. Vilevile damu kwenye choo, kupungua uzito, homa, au kuhara kunakomwamsha mtu usingizini ni mambo ya kupeleka hospitali mapema, bila kwanza kumaliza wiki mbili za daftari.

Kwa anayejua kiwango chake, kuchagua kunakuwa rahisi. Samli haina laktosi ya kuhesabu, na siagi ina kidogo sana. Jibini ngumu iliyokomazwa kwa miezi haina karibu chochote, kwa sababu sehemu kubwa ya laktosi huondoka na maji yake wakati wa kutengenezwa na bakteria humaliza iliyobaki. Jibini laini na mbichi inayo zaidi.

Mtindi unastahili maelezo marefu kidogo, kwa kuwa ndiyo njia ambayo wazee wetu waliitumia kuishi na ng'ombe. Maziwa yanapoganda, bakteria huigeuza sehemu ya laktosi kuwa asidi, na ndiyo maana yanachachuka. Kwa kawaida laktosi hupungua kwa karibu robo hivi, na zaidi kadiri yanavyoachwa kuchacha, kama mursik ya Wakalenjin inayokaa kwenye kibuyu kwa siku nyingi. Mtindi ni mzito pia, nao hushuka tumboni taratibu. Yogati iliyotengenezwa kwa bakteria wake maalumu ina faida ya ziada: bakteria hao wakifika utumboni wakiwa hai, huja na kimeng'enya chao wenyewe na kusaidia kazi ya kuikata laktosi. Ikipashwa moto, au ikiwa imechemshwa kiwandani baada ya kuganda ili idumu, faida hiyo hupotea. Baadhi ya watengenezaji huongeza maziwa ya unga ili yogati iwe nzito, na hapo laktosi hupanda tena. Inafaa kusoma kilichoandikwa kwenye kopo.

Kuna ushauri mwingi wa mitaani usiosaidia. Maziwa ya mbuzi na ya ngamia yana laktosi karibu sawa na ya ng'ombe. Kuchemsha hakuondoi laktosi. Kuondoa mafuta hakuipunguzi, na maziwa yasiyo na mafuta hushuka tumboni haraka zaidi, jambo linaloweza kuongeza dalili. Hata maziwa mabichi, ambayo wengine huyasifu, yalijaribiwa katika Chuo Kikuu cha Stanford na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2014: watu wazima 16 wasiomeng'enya laktosi hawakupata nafuu yoyote kuliko kwa maziwa yaliyochemshwa. Walichokwepa ni hatari tu, kwa kuwa maziwa yale yalikuwa yamepimwa. Maziwa mabichi ya mtaani yanaweza kuleta bruselosi na kifua kikuu.

Kinachosaidia ni mazoea. Anayekunywa maziwa kidogo kila siku, akaongeza polepole kwa wiki mbili au tatu, mara nyingi huhimili zaidi ya pale alipoanzia. Laktasi yake haijarudi. Bakteria wa utumbo mpana ndio waliobadilika, wakaila laktosi kwa kutoa gesi kidogo. Akiacha maziwa miezi mingi, mazoea hayo hupotea, na anayerudi ghafla na glasi kubwa hushangaa.

Anayeamua kuachana na maziwa kabisa anahitaji kalisi kutoka kwingine, na vyakula vyake viko sokoni: dagaa wanaoliwa na mifupa yao, uji wa ulezi, ufuta, sukuma wiki. Mchicha una kalisi, lakini sehemu kubwa imefungwa na asidi yake na mwili hauichukui. Tui la nazi halina laktosi, ila lina protini na kalisi kidogo, hivyo halishiki nafasi ya maziwa.

Kwa watoto mambo huenda tofauti, na makosa yake ni ya gharama. Mtoto wa chini ya miaka mitano mara chache sana huwa na upungufu wa laktasi wa kurithi kama wa watu wazima. Wapo wachanga wanaozaliwa bila laktasi kabisa, lakini ni nadra mno duniani, nao huharisha vikali tangu siku za kwanza za kunyonya. Mtoto aliyenyonya vizuri kwa miezi kumi kisha akaanza kuharisha hana tatizo hilo.

Kinachowapata watoto wengi ni upungufu wa muda. Virusi vya rota, vijidudu vya giardia au utapiamlo mkali huvijeruhi vile vinyweleo vya utumbo, na laktasi, ambayo hukaa juu kabisa kwenye ncha zake, ndiyo ya kwanza kupotea. Kuhara kunaanza kwa maambukizi, kisha maziwa yanakuendeleza. Choo huwa cha maji, chenye povu na harufu ya uchachu, na asidi yake huyaunguza makalio ya mtoto yakawa mekundu.

Hapo ndipo bibi au jirani humwambia mama amwachishe mtoto ziwa kwa kuwa maziwa yake "yamechafuka". Ushauri huo ni wa hatari. Maziwa ya mama yana laktosi nyingi kuliko ya ng'ombe, karibu gramu 7 katika kila mililita 100, na haipungui kwa mama kubadili chakula chake. Hata hivyo mtoto anayeharisha anapaswa kuendelea kunyonya, tena mara nyingi zaidi, kwa sababu ziwa humpa maji, lishe na kinga, na wengi hupona huku wananyonya. Shirika la Afya Duniani linaelekeza hivyo, pamoja na maji ya chumvichumvi maalumu ya kuongeza maji mwilini na zinki kwa siku 10 hadi 14.

Kuhara kukifika siku 14, mtoto apelekwe kituo cha afya. Kama alikuwa akipewa maziwa ya ng'ombe, mwongozo wa shirika hilo ni kuongeza kunyonyesha badala yake, au kumpa maziwa yaliyogandishwa kama mtindi au yogati, au kuyapunguza kwa nusu na kujaza nafasi yake kwa chakula laini chenye virutubisho. Mama hatakiwi kuyaondoa na kumwachia mtoto uji mweupe mtupu. Uji wa namna hiyo humaliza kuhara na kuleta utapiamlo, nao utapiamlo hurudisha kuhara.

Utumbo wa mtoto hujirekebisha wenyewe, mara nyingi ndani ya wiki mbili hadi nne baada ya maambukizi kwisha, ingawa kwa aliyedhoofu sana inaweza kuchukua miezi. Maziwa yarudishwe kwa hatua: siku chache za kwanza robo kikombe pamoja na chakula, kisha nusu, kisha kikombe. Choo kikilainika, mama anarudi hatua moja nyuma na kujaribu tena baada ya wiki. Wapo watoto waliofika darasa la kwanza bila kuonja maziwa kwa sababu ya kuhara kwa wiki tatu walipokuwa na mwaka mmoja, na hakuna aliyekumbuka kuwajaribisha tena.